Mrejesho: kesi ya pamoja ya mto wetu

Niliuliza: "Kiwanda kinamwaga maji machafu mtoni kwetu huku Kigoma, tupo wengi, lazima kila mtu afungue kesi yake?"

Wadau asanteni sana, hasa mlionitajia Amri ya 1 Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, inayoruhusu wachache kufungua kesi kwa niaba ya wengi. Tulichagua wawakilishi watano tukaomba kibali cha mahakama kwanza, ila maombi ya kwanza yalitupwa maana muhtasari wa kikao ulikuwa na majina matupu bila sahihi, haikuonekana kama kweli tumetumwa. Ikabidi tuzunguke nyumba kwa nyumba, bibi yangu akaweka dole gumba, tukaomba upya na kibali kimetoka jamani! Tangazo limeshatoka gazetini ili wote wajue. Kesi yenyewe ndo inaanza, na maji bado meusi.