Naomba ushauri: aliyechanjwa utotoni akichomwa na msumari, je, adungwe sindano ya pepopunda tena?

Mwana wa Likoni:
Assalam alaykum, wakubwa kwa wadogo. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 31, alikanyaga msumari wa ubao katika mjengo ninaousimamia huku Likoni, Ijumaa ya juma lililotangulia lililopita. Msumari ulipenya ndala ukaingia kisiginoni. Tuliuchomoa, tukamwagia spiriti, tukafunga kwa plasta, na sasa kidonda kimejifunga vizuri. Mama anasema alipata chanjo zote za utotoni. Je, kuna haja ya kumdunga tena, au kinga ile ingalipo?

Fundi Rangi:
Kaka, usijisumbue. Nimechomwa na misumari tangu nilipoanza kazi hii na mguu wangu unaruka ukuta hata leo. Hatari ni msumari wenye kutu. Kama ulikuwa mpya, mpe chai ya tangawizi arudi kazini.

Bi Kibokoni:
Kutu haina kosa, mwanangu. Mimi nilidungwa sindano hiyo katika kila mimba, kliniki hawakuniachia nafasi ya kukataa. Mume wangu na wanangu wa kiume hawajadungwa tangu walipokuwa wakibebwa mgongoni, kwa sababu hakuna anayewaita. Wanaume wetu hukumbuka chanjo siku ya safari ya Hija, tena ni chanjo nyingine.

Nesi Mstaafu:
Bi Kibokoni amegusa penyewe. Ratiba ya mtoto mchanga hapa kwetu ni dozi tatu, akiwa na wiki 6, 10 na 14. Dozi hizo hujenga msingi, lakini kingamwili zinazozunguka katika damu hupungua mwaka baada ya mwaka, na bila dozi za kuongezea, mtu wa miaka 31 hana budi kuhesabiwa kuwa hana kinga ya kutegemewa. Mwili huweza kukumbuka chanjo ya zamani, ila kumbukumbu hiyo huchukua siku kadhaa kuamka, na sumu ikishaingia ndani ya neva kingamwili haziifikii tena.

Kuhusu kutu, bakteria wa pepopunda hukaa katika udongo na samadi wakiwa katika hali ya mbegu ngumu, na huchipua mahali pasipo na hewa. Tundu jembamba la kisigino, lililojifunga juu huku chini kukiwa na kipande cha ndala au uchafu, ni makazi wanayoyapenda. Lilipaswa kuoshwa kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, lisafishwe hadi ndani, na liachwe wazi bila plasta ya kubana. Spiriti ya juujuu haifiki huko.

Sasa nijibu wewe: kwa nini unauliza leo, na si siku ile ya msumari?

Baba Shamsa:
Ninavyojua, sindano moja hutosha miaka kumi. Kama alidungwa ndani ya miaka kumi, hana shida yoyote.

Nesi Mstaafu:
Hiyo ni kwa jeraha safi na dogo, kwa mtu aliyekwisha kukamilisha dozi za msingi. Jeraha lenye udongo au lililochomwa ndani hupewa dozi ikiwa ya mwisho imepita miaka mitano. Mwana wa Likoni, bado nasubiri jibu.

Mwana wa Likoni:
Sikutaka kuwatia hofu. Tangu jana taya limekaza. Hafungui kinywa zaidi ya upana wa kidole kimoja, na uji anaunywa kwa mrija. Lakini ana gego la mwisho lililooza upande wa kushoto, limemsumbua tangu Ramadhani, na nimekwisha kulipa arubuni kwa daktari wa meno aling'oe kesho. Ndiyo maana nadhani mambo haya mawili hayahusiani.

Nesi Mstaafu:
Jino bovu huweza kukaza taya, hilo ni kweli. Lakini huja na uvimbe wa upande mmoja, maumivu ya kugusa, pengine homa. Mtazame: je, uvimbe upo? Shingo inainama mbele hadi kidevu kiguse kifua? Tumbo ni laini au gumu kama ubao?

Mwana wa Likoni:
Hana uvimbe. Shingo anasema ni nzito, nami nilidhani amelala vibaya. Tumbo ni gumu, ila yeye ni mbeba mawe. Adhuhuri mlango ulipojipiga kwa upepo, alijikunja mgongo kwa nyuma, kisha akatulia. Aliniambia yote kwa akili timamu, kwa hiyo si kifafa.

Mchunguzi wa Nyuzi:
Samahani, lakini uzi huu unanuka utunzi. Kwanza kidonda kimepona, kisha mgonjwa ana pepopunda. Kwanza swali la chanjo, kisha jino, kisha mgongo unapinda. Msimamizi wa mjengo huenda anataka maoni yetu ili ajitetee dhidi ya fidia.

Fundi Rangi:
Hata mimi nimeanza kushuku. Kidonda kilichopona kitamuuaje mtu?

Nesi Mstaafu:
Nimehudumu wodini miaka mingi, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Ugonjwa hujitokeza kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya ishirini na moja, na kidonda huweza kuwa kimefunga au kuwa kidogo hata mgonjwa amekisahau. Sumu huingia kwenye ncha za neva karibu na jeraha na kupitia damu huzifikia nyingine, kisha hupanda ndani ya neva hadi uti wa mgongo. Huko hukata protini inayowezesha seli za kutuliza kuachilia kemikali zake. Misuli haikosi amri ya kukaza, inakosa breki. Neva za taya ni fupi, ndiyo maana huanza. Sauti, mwanga au mguso mdogo huwasha mkazo, na mgonjwa anafahamu kila kitu. Awe mkweli au mtunzi, maelezo ya mlango uliojipiga ni ya mtu aliyeyaona.

Mwana wa Likoni:
Ndugu Mchunguzi, suala la fidia ni kweli lipo na limenitia kiwewe, lakini mdogo wangu hakubuniwa. Hata hivyo, je, siwezi kusubiri kesho nirudishiwe arubuni, kisha nimpeleke? Leo ni Jumapili.

Bi Kibokoni:
Arubuni, mwanangu? Mpeleke sasa hivi.

Nesi Mstaafu:
Dawa ya kuifunga sumu huipata ile tu ambayo bado haijaingia kwenye neva. Iliyokwisha kuingia haiondolewi, na nafuu hutegemea ncha mpya za neva kuota, jambo la wiki nyingi. Kila saa inayopita ina gharama. Mpeleke hospitali ya rufaa, si kwa daktari wa meno, na neno lako la kwanza liwe msumari, siku alipoukanyaga na taya. Huenda wakamgusa koo kwa kijiti: mtu wa kawaida hutaka kutapika, yeye atakiuma. Msijaribu nyumbani, na msimlishe kwa nguvu, maana chakula chaweza kwenda mapafuni.

Mlaze kwenye gari, si tuktuk, mfunike macho, na mpigie dereva simu mapema asiache muziki. Kivukoni waombe mpite mbele.

Mwana wa Likoni:
Jirani analeta gari. Akipona, angalau hataupata tena, si ndiyo?

Nesi Mstaafu:
Hapana. Sumu inayotosha kuua ni kidogo mno kuuamsha mwili ujenge kinga. Watampa chanjo akiwa wodini, na dozi nyingine zitafuata baada ya kutoka.

Fundi Rangi:
Mimi nilidungwa mara ya mwisho mwaka 2016, na wiki hii nimechomwa na waya wa seng'enge. Niende?

Nesi Mstaafu:
Nenda. Kesho asubuhi, na ndala uziache nyumbani.