Mtandao wangu unasoma E tu: naomba tovuti nyepesi za habari na za kutafutia maarifa

Mwl_Mwambao
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa msingi huku Nkasi, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nafundisha Maarifa ya Jamii. Mtandao huku unasoma E kutwa nzima, na nikifungua tovuti za habari kiduara kinazunguka mpaka nakata tamaa. Juzi mtoto kaniuliza ziwa letu lina kina gani na kama linalizidi la Victoria. Nikamwambia nitamjibu kesho, na hiyo kesho imepita mara tatu. Naombeni tovuti nyepesi, za Kiswahili zikiwepo. Simu ni ya kawaida. Naomba kuwasilisha.

Kipepeo wa Tandale
Mwalimu, hamia mjini.

Mzee Kaniki
Redio, mwanangu. Enzi zetu taarifa ya habari ya saa mbili usiku kijiji kizima kilikaa kwenye redio moja ya mkulima, na hakuna aliyeuliza bando. Walimu wa siku hizi bila simu hawafundishi.

Dogo_Fundi
Mwl, Chrome ina sehemu ya kubana data, ingia kwenye mipangilio uiwashe. Kisha zima picha. Umemaliza.

Bi Shumbana
@Dogo_Fundi hiyo ya Chrome waliiondoa 2022, atatafuta mpaka kuche. Hilo la picha ni kweli, lakini ni nusu ya shida. Ukurasa wa habari wa siku hizi una matangazo na programu ndogondogo zinazoitwa kutoka tovuti nyingine kumi, na kila wito kwenye E ni kusubiri.

Mwalimu, piga hesabu hii. Tuseme E yako siku nzuri inakupa kilobiti 100 kwa sekunde. Ukurasa wa MB 2 utachukua zaidi ya dakika 2 na nusu, na hapo hakuna kilichokatika njiani. Ukurasa wa KB 50 unachukua sekunde 4. Kwa hiyo tafuta kurasa za maandishi matupu. Kwa habari za Kiswahili andika hivi:

```
www.bbc.com/swahili.lite
```

Hiyo ni BBC Swahili ile ile, bila picha wala video. Ukitumiwa kiungo cha habari yao, ongeza `.lite` mwishoni mwa anwani. Kama mbele kuna alama ya kuuliza na maneno marefu, yafute kwanza, vinginevyo haitafanya kazi. Kiingereza kikipanda, ipo `text.npr.org` na `lite.cnn.com`. Kwa maarifa, `sw.m.wikipedia.org`.

Mama Ntilie Mbezi
Mume wangu naye hizo habari! Ugali unapoa anasoma Uingereza kuna nini. Mwalimu usimpe link.

Mwl_Mwambao
Asante dada Shumbana. Nimejaribu zote mbili, BBC na Wikipedia. Hazifunguki. Inakuja karatasi nyeupe yenye alama nyekundu. Nadhani ni mtandao tu. Kuna ndugu yangu ameshanishauri nichukue simu mpya ya mkopo, naona ndiyo njia.

Bi Shumbana
Mtandao dhaifu hauleti alama nyekundu, kaka. Mtandao dhaifu unazungusha. Hapo chini ya onyo pameandikwa nini, herufi kwa herufi? Na simu ni gani, Android ya ngapi?

Mwl_Mwambao
Ni simu ya kawaida tu.

Dogo_Fundi
Mwalimu unaulizwa swali, unajibu kama mtuhumiwa 😂

Mwl_Mwambao
Haya. Ni Android 5.1. Betri ilivimba, nikaweka ya mtumba, inacheza. Nimeibana na kipande cha kadibodi. Ikitikisika simu inazima, na ikiwaka tarehe inarudi 2015. Sikuona kama inahusu. Maandishi ni `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`.

Na niseme ukweli, ile simu ya mkopo nimeshatoa 50,000 ya kuanzia. Kila siku 1,500. Najua ikichelewa wanaifunga. Lakini simu ni nyenzo ya kazi, msinisute.

Bi Shumbana
Inahusu, na ndiyo shida yenyewe. Kila tovuti ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Simu yako inaamini leo ni 2015, kwa hiyo cheti cha mwaka huu inakiona hakijaanza, inakikataa. Nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, uiweke kwa mkono. Usitegemee ijirekebishe yenyewe, minara mingine haitumi saa.

Ukishaweka, jaribu tena. Kukija neno AUTHORITY badala ya DATE, hilo ni jingine: simu za kabla ya Android 7.1.1 hazitambui baadhi ya watoa vyeti wa sasa, na tarehe haitakusaidia. Hapo ingia kwa Opera Mini, weka kubana kwa kiwango cha juu kabisa. Seva zao ndizo zinafungua tovuti na kukuletea ikiwa imeshakamuliwa. Kwa sababu hiyo hiyo usiingizie humo nywila ya benki.

Dogo_Fundi
Si nilisema Opera Mini.

Bi Shumbana
Hukusema.

Mpelelezi Binafsi
Wakuu mnachezewa. Mtu wa E, simu ya kadibodi, lakini anajibu ndani ya dakika tatu na herufi zimenyooka. Halafu ghafla "simu ya mkopo 1,500 kwa siku". Hii chai, na tangawizi imezidi. Kesho ataweka namba ya duka.

Kipepeo wa Tandale
Nilijua! Kadibodi ndiyo ilinishtua.

Mama Ntilie Mbezi
Jamani na mimi nilitaka kuuliza hiyo ya mkopo ni duka gani…

Mwl_Mwambao
Duka sijalitaja na sitalitaja. Naandikia simu ya mke wangu, nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, hapa inasoma H. Nikishuka hatua tano inarudi E. Mke ananiita nimrudishie, mwanga wa simu unavuta wadudu usoni. Ukitaka kuamini amini.

Mzee Kaniki
Kichuguu namwamini. Sisi tulipanda mwembe kusikiliza mpira.

Bi Shumbana
Kama simu ya mkeo ni mpya kidogo, weka programu ya Kiwix humo. Siku ukienda Namanyere au Sumbawanga, pakua Wikipedia ya Kiswahili nzima, chagua faili lenye neno `nopic` kwenye jina. Baada ya hapo unasoma bila mtandao kabisa. Kwenye hiyo ya 5.1 usijisumbue, matoleo mapya yamezikacha Android za zamani. Na makala za Kiswahili nyingine ni fupi mno, usishangae.

Mwl_Mwambao
Nimeweka tarehe. BBC imefunguka juu ya E, bila kupanda kichuguu! Wikipedia pia: Ziwa Tanganyika mita 1,470. Victoria hata mita 100 hazifiki. Tovuti moja ya magazeti imeleta AUTHORITY kama ulivyosema, hiyo nitaijaribu na Opera.

Mpelelezi Binafsi
Tuma picha ya kadibodi.

Bi Shumbana
Na ile 50,000?

Mwl_Mwambao
Simu nachukua Jumamosi, dada. Betri imezima tena sasa hivi, na tarehe imerudi 2015.