Tupeane uzoefu: intavyuu ya upishi ya kupika palepale jikoni

Mwanzo_Mgumu: Wakuu habari zenu. Nimeitwa intavyuu ya upishi, wameniambia nije na visu vyangu na aproni, nitapewa kuku mzima na dakika 90 nitoe sahani nne zinazofanana, halafu nikimaliza nikae na meneja nimwambie sahani moja imekula kiasi gani. Kupika sina wasiwasi nako, wasiwasi ni hivyo vingine, usafi, hesabu, na yule mtu anayesimama nyuma yako na karatasi anaandika tu hasemi kitu. Waliopita huko walikuwa wanaangaliwa nini hasa?

Mpambanaji77: Wakikuuliza udhaifu wako waambie unapenda kazi kupita kiasi, hapo umewamaliza. Na uvae tai.

Kijiko_Cha_Mbao: Tai jikoni tena 😂 mkuu soma swali.

Shefu_Mtu_Mzima: Mimi ndo yule wa karatasi, nimesimamia hayo majaribio muda mrefu sasa. Nikwambie ukweli, dakika kumi za mwanzo kabla hata moto haujawashwa huwa nimeshajua nusu ya jibu. Mtu akiingia naangalia anaanzia wapi. Anayejua kazi anaenda sinki ananawa kwa sabuni, anakausha mikono, analowesha kitambaa anatandika chini ya ubao usiteleze, halafu anakata vitunguu na mboga zote kwanza, kuku anamwacha kwenye friji rafu ya chini kabisa mpaka zamu yake ifike. Asiyejua anamkimbilia kuku, anamtumbukiza kwenye sinki anafungulia bomba kwa nguvu, yale maji yanaruka mpaka kwenye sahani safi za pembeni. Vijidudu vya kuku havifi kwa maji ya bomba, vinakufa kwa moto, ukimwosha unavisambaza tu.

Kingine kidogo ambacho wengi hawakiwazi ni chumvi. Mtu ameshika kuku mbichi, mkono uleule anauingiza kwenye kopo la chumvi la jiko zima, na kopo hilo ndilo litakalotumika kwenye saladi jioni. Kabla hujagusa nyama chota chumvi na pilipili manga yako weka kwenye kibakuli, ukimaliza inayobaki mwaga. Nikiona hicho kibakuli naandika alama nzuri bila kuuliza.

Binti_Wa_Sufuria: Si avae tu glavu jamani, mchezo umeisha.

Shefu_Mtu_Mzima: Dada yangu glavu iliyogusa kuku ni sawa na mkono uliogusa kuku. Tofauti ni kwamba mkono unausikia unanata ukaenda kunawa, glavu huisikii, nawaona wanashika kuku, mpini wa friji, kisu, sahani, glavu ileile. Ukivaa badilisha, na nawa kati ya jozi moja na nyingine.

Binti_Wa_Sufuria: Sehemu nyingine usipovaa wanakukata alama lakini, niliona kwa macho yangu.

Shefu_Mtu_Mzima: Hapo sikupingi, uliza kabla ya kuanza sheria ya jiko lao ni ipi.

Hesabu_Kali: Upande wa kosti ni rahisi, chukua gharama ya vitu zidisha mara tatu, hiyo ndo bei ya sahani. Wakikuuliza sema hivyo tu.

Mama_Jiko_Kuu: Mara tatu si mbaya kama makadirio, ila swali la meneja haliko hapo mdogo wangu, liko kwenye hizo gharama zenyewe umezipataje. Hapo ndipo wapishi wazuri wanapoangukia. Tuchukue kuku wake huyohuyo. Tuseme ana kilo 2 na amenunuliwa kwa 1,000, sisemi pesa ya wapi, ni mfano. Mtu anasema kilo ni 500, posheni ni gramu 180, basi nyama ya sahani ni 90. Si kweli! Ukitoa mifupa, shingo, mafuta na ngozi umebaki na nyama labda kilo 1.2, na 1,000 yote umeshalipa. Kwa hiyo kilo ya nyama unayoweza kuipeleka mezani ni kama 833, na posheni yako ni 150. Weka wali, mboga, sosi na mafuta ya kupikia tuseme 60, sahani imefika 210.

Kama wanataka gharama ya chakula iwe asilimia 30 ya bei, 210 gawanya kwa 0.30 unapata 700, na hiyo ni bei kabla ya kodi. Yule wa 90 angepata 150 kwa sahani, akauza 500, anajiona ana asilimia 30 kumbe yuko kwenye 42. Sahani inatoka vizuri, wateja wanajaa, mwisho wa mwezi pesa haionekani. Kwa hiyo siku hiyo omba mizani, mpime kuku kabla na nyama baada, andika kwenye kikaratasi. Hata ukikosea kugawanya, wataona unajua nini cha kupima.

Mwanzo_Mgumu: Na ile mifupa je, nikiichemshia supu ya kutengenezea sosi naitoa kwenye gharama?

Mama_Jiko_Kuu: Mimi naipa thamani, naipunguza kwenye bei ya kuku.

Shefu_Mtu_Mzima: Mimi naiacha sifuri, maana siku ambayo hakuna wa kuichemsha inaishia kwenye pipa na hesabu inakudanganya. Ila itaje, usiitupe mbele yao.

Chap_Chap: Kuhusu spidi, anza na saa ya kutoa chakula urudi nyuma. Kuku akishaiva mpe kama dakika tano apumzike kabla hujamkata, kwa hiyo lazima awe ametoka motoni kabla ya hapo, na wali uwe umeshaiva umefunikwa. Na usijaze kikaangio ukidhani unawahi! Vipande vikibanana vinatoa maji, badala ya kukaanga unachemsha, sauti ya mlio mkali inageuka ya kuchemkachemka na rangi haiji. Kaanga kwa awamu mbili, utamaliza mapema kuliko anayejaza.

Kijiko_Cha_Mbao: Mimi katikati ya jaribio walinijia wakasema sahani moja mteja ana aleji ya maziwa, na sosi yenyewe ilikuwa ya krimu. Kumbe ndo mtihani wa utulivu huo. Nilirudia kwa sauti, "sahani moja bila maziwa, siagi pia hapana?", wakasema ndiyo hapana. Bahati krimu ilikuwa haijaingia, nikachota sosi ya mtu mmoja pembeni kwenye sufuria safi na kijiko chake, nikaendelea. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ameshamwagia, akafuta na kitambaa akaweka sosi nyingine juu. Hakumaliza, walimsimamisha.

Sina_Hamu: Mimi niliitwa jaribio nikamenya vitunguu kutwa nzima, wanahudumia wateja wao kabisa, jioni wakasema tutakupigia. Senti sikuona. Hiyo ni intavyuu au kibarua cha bure?

Chap_Chap: Kutwa ni wizi. Saa moja mbili sawa.

Mama_Jiko_Kuu: Mimi nasema kama chakula chako kimeuzwa ulipwe, hata kama ni saa moja. Najua wenye majiko hawatanielewa.

Mwanzo_Mgumu: Asanteni sana. La mwisho, kipimajoto nibebe changu?

Shefu_Mtu_Mzima: Beba. Kabla ya kuanza kitie kwenye glasi ya barafu na maji kidogo, kisome sifuri, kama hakisomi sifuri usikitumie. Kuku mchome pale penye nyama nene bila kugusa mfupa, 75 ndo umtoe. Halafu kifute kabla hujachoma kipande kingine.