Ushauri: hadithi yangu ya timu ya kijiji, kila anayeisoma anajua mapema kuwa watashinda

Mtunzi Mchanga:
Wakuu, habari zenu. Nimekwama, naomba msaada kabla sijaikatia tamaa kazi hii. Ninaandika hadithi ya timu ya mpira ya kijijini ambayo kila msimu inaburuza mkia. Anakuja kocha mpya, na badala ya kuwafundisha vijana kupiga mashuti anawashikisha mpira kwa mikono. Mazoezi karibu yote ni mipira ya kurusha. Winga anarusha mpira mkavu, anarusha uliolowa, anarusha mpaka mabega yanawaka moto. Wazee wanamcheka, nahodha anataka aondolewe. Mwisho wanafika fainali na goli la ushindi linatokana na mpira wa kurusha.

Kila niliyempa asome anasema alijua mapema. Sasa niibadilishe fainali? Nimewaza mshambuliaji avunjike mguu dakika za mwisho, au inyeshe mvua kubwa. Kisa ni cha kweli, nilikuwepo.

Beki Tatu:
Umenikumbusha mbali sana, mkuu. Sisi kocha wetu alitupiga marufuku mabeki kuteleza chini kumkaba mtu. Tulimwona hajui mpira kabisa. Nilikuja kumwelewa siku nilipoteleza, nikaukosa, na winga wao akanipita nikiwa bado nimekaa kwenye nyasi. Beki aliyelala ni mtu mmoja pungufu mpaka ainuke. Mpaka leo nikiona beki analala napiga kelele peke yangu.

Mama Wawili:
Asivunjike mtu mguu, tafadhali. Vijana watakaosoma wajifunze nidhamu. Huyo nahodha anayempinga mkubwa wake apewe adhabu, kisha aombe radhi mbele ya wenzake. Hapo hadithi itakuwa na faida.

Namba Tisa:
Kocha wako ana akili kuliko wote humu. Mpira wa kurusha hauna kuotea! Mweke mshambuliaji nyuma ya mabeki wote, asimame na kipa, apokee, afunge. Wazee wanyamaze.

Kibendera:
Namba Tisa, ni kweli kwa mguso wa kwanza tu. Aliyerushiwa moja kwa moja haotei. Lakini akiuparaza kwa kichwa kumpelekea mwenzake, kuotea kunahesabiwa kuanzia pale, na huyo uliyemsimamisha na kipa kibendera kinapanda. Nimeshika kile kibendera kwa miaka, najua kelele zake.

Mtoa mada, kabla ya kugusa fainali: nani anasimulia?

Mtunzi Mchanga:
Mtu wa timu. Ila shida yangu ni fainali, mkuu.

Kibendera:
Mtu gani wa timu?

Mtunzi Mchanga:
Kocha mwenyewe. Naomba nisishauriwe kubadilisha hilo. Sura nyingi zimeshakamilika, na sauti yake ndiyo kitu pekee ambacho wasomaji wote wamekisifu. Nataka wamjue kwa ndani.

Kibendera:
Basi kidonda kiko hapo. Umemweka msomaji kichwani mwa mtu ambaye anajua kwa nini anafanya anachofanya. Wazee wakicheka, msomaji hacheki nao, anawaona wajinga tu. Hakuna anayemtilia kocha shaka isipokuwa watu uliowaumba wakosee. Mguu uvunjike, mvua inyeshe, bado tutajua.

Wape wapinzani wake sababu ya kweli, maana ipo. Mpira mrefu wa kurusha unawavuta watu wako wote ndani ya boksi. Andika mechi ya mapema: winga anaukausha mpira kwa jezi, anarudi hatua kadhaa, anarusha. Wenzake saba wako mbele. Mpira wa kurusha huja taratibu na juu kuliko kona, kipa anatoka anaudaka, anautupa haraka kwa kiungo wake, na mbele yake uwanja mtupu. Goli. Kipindi cha pili, kosa lile lile, goli la pili. Mara ya tatu winga amechoka, anaruka kidogo ili apate nguvu, miguu inaacha ardhi, na mwamuzi anawapa wapinzani warushe wao. Wamefungwa mbili bila, na mbinu yenyewe ndiyo iliyowafungisha. Hapo nahodha akisema kocha aondoke, msomaji atamwunga mkono.

Mtunzi Mchanga:
Lakini hapo wazee watakuwa sahihi! Kocha wangu ataonekana hajui kazi.

Kibendera:
Siku hiyo walikuwa sahihi. Sasa tuone kocha anafanya nini. Akishikilia vilevile ni mkaidi, akiiacha mbinu hakuna hadithi. Arekebishe: wawili wabaki mstari wa kati, mmoja asimame nje kidogo ya boksi kuokota mpira wa pili, yaani ule unaopigwa kichwa na mabeki ukarudi. Magoli mengi ya mipira hii hutoka kwenye huo wa pili. Na wa kubaki nyuma awe nahodha, kwa sababu ndiye aliyepiga kelele kuwa nyuma ni wazi. Shaka yake inakuwa sehemu ya mbinu.

Mama Wawili:
Yaani nahodha asiombe radhi kabisa?

Shuhuda:
Samahani nawakatisha. Mtoa mada amesema ni kisa cha kweli na alikuwepo. Goli lenyewe la fainali liliingiaje?

Mtunzi Mchanga:
Winga alirusha kwa nguvu zote, ukampita kipa juu ya mikono, ukatinga wavuni moja kwa moja. Uwanja mzima ulilipuka.

Shuhuda:
Nilijua. Mpira wa kurusha ukiingia moja kwa moja golini kwa wapinzani si goli, ni goli kiki. Hukuwepo popote, ndugu. Umetunga, kisha unatuambia ni kweli ili tukuonee huruma.

Namba Tisa:
Uzi umenoga.

Kibendera:
Shuhuda, sheria umeitaja sawa, ila isikufanye umwite mwongo. Kipa akiugusa hata kwa ncha ya kidole, ni goli halali. Mwaka 2002 Aston Villa walicheza na Birmingham City. Beki wa Villa, Mellberg, alimrushia kipa wake Enckelman, ukapita chini ya mguu ukaingia. Bila mguso ilipaswa kuwa kona. Mwamuzi aliona ameugusa, akatoa goli, na watu walibishana sana baadaye.

Shuhuda:
Ajibu mwenyewe. Kipa aliugusa au hakuugusa?

Mtunzi Mchanga:
Nilikuwepo. Mwamuzi alitoa goli kiki. Tulifungwa kwa matuta. Nusu ya kijiji mpaka leo wanaapa kipa aliugusa, nusu wanasema kocha alitupotezea msimu mzima. Nimeandika goli kwa sababu yule mzee alistahili, na sitaki kumnyima mara ya pili.

Beki Tatu:
Aisee.

Kibendera:
Wewe ulikuwa wapi uwanjani?

Mtunzi Mchanga:
Mstari wa kati. Nilikuwa nimeachwa nyuma kulinda. Kutoka pale huwezi kuona vidole vya kipa, unaona migongo ya watu tu.

Kibendera:
Basi msimuliaji unaye, ndiye huyo. Hajui kocha anawaza nini, na hata goli hakuliona vizuri. Matokeo uamue mwenyewe, wapo watakaotaka ushindi na siwalaumu. Ila akisimulia yeye, hakuna atakayejua mapema.

Mtunzi Mchanga:
Sura za kocha sizifuti. Nitajaribu mechi ile ya mbili bila kwa sauti ya aliyebaki nyuma, niilete hapa mwishoni mwa wiki. Ushindi bado nautaka.

Shuhuda:
Ilete. Na uandike mwamuzi alisimama wapi wakati mpira unarushwa. Nitauliza.