Hela ya nyumba ikae kwa nani mpaka hati ihame? Wakili wa muuzaji, akaunti ya pamoja au eskro ya benki

Mtafuta Hati
Wakuu, naombeni mawazo. Nimepata nyumba na bei tumeelewana, ila hati iko benki kwa sababu muuzaji aliiweka rehani. Deni lililobaki ni kama asilimia 35 ya bei. Yeye hawezi kulimaliza mpaka nimlipe, na mimi siko tayari kulipa mpaka hati isome jina langu. Tumekubaliana hela ikae kwa mtu wa kati, ila hatujakubaliana ni nani. Muuzaji anataka niiweke kwa wakili wake. Dalali anashauri tufungue akaunti ya pamoja ya saini mbili. Mimi nimeulizia eskro ya benki, yaani benki ishike hela mpaka masharti ya mkataba yatimie, nayo ndiyo yenye ada kubwa kuliko zote. Mngekuwa mimi mngechagua ipi?

Kobe Mpole
Weka kwa wakili, mkuu, usijisumbue. Hela za wateja anaziweka kwenye akaunti yake ya pembeni, hazichanganyi na za ofisi, na akizigusa anapoteza leseni. Ada ya benki ya nini?

Bi Masjala
Ndugu Kobe, la akaunti uko sahihi, lakini swali kubwa umeliruka. Huyo wakili anaishika hela kwa niaba ya nani? Kama mkataba unasema ameipokea kwa niaba ya muuzaji, au hausemi kitu, basi muuzaji anaweza kumwambia kesho yake "nipe hela yangu" naye akampa bila kuvunja sheria yoyote. Leseni yake haitakusaidia hapo, maana hajaiba, ametii mteja wake. Mkataba lazima useme kwamba anaishika kwa niaba ya pande zote mbili, na kwamba haitoi kwa neno la upande mmoja. Sentensi hiyo ikiwepo, na wakili akaweka saini yake mwenyewe kwamba amekubali, njia ya wakili inakuwa karibu sawa na eskro. Isipokuwepo, umemlipa muuzaji moja kwa moja kwa kupitia mlango wa nyuma.

Fundi Kamera
Mimi eskro nimeikoma. Nilinunua kamera mtandaoni, muuzaji akanitumia kiungo cha tovuti ya eskro, nikalipa, kamera haikuja na tovuti ikapotea baada ya muda mfupi. Usiingie huko, bro.

Bi Masjala
Pole sana, ndugu. Yako ilikuwa ya mtandaoni, lakini inamhusu na Mtafuta Hati kwa jambo moja: mshika hela asichaguliwe na upande mmoja peke yake. Tovuti hiyo aliileta muuzaji, na inawezekana ilikuwa yake mwenyewe. Kampuni za kweli zipo, kama Escrow.com inayofanya kazi tangu 1999, na ndiyo maana matapeli hutengeneza tovuti zenye majina yanayofanana na za kweli. Usifuate kiungo ulichotumiwa, andika anwani wewe mwenyewe. Kisha angalia leseni kwenye orodha ya mamlaka inayoitoa, si kwenye picha iliyobandikwa chini ya tovuti. Ukiona unaambiwa ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi, acha hapo hapo.

Kobe Mpole
Sawa, nimekuelewa hapo kwa wakili. Lakini akaunti ya pamoja si inamaliza kila kitu? Saini mbili, hakuna wa kukimbia na hela.

Upepo wa Kusi
Niliuza nyumba kwa mtindo huo huo wa saini mbili. Nilisaini uhamisho, hati ikasoma jina la mnunuzi, nikamwita benki tukatoe hela yangu. Akaanza kusema paa linavuja, anataka punguzo kwanza, la sivyo hasaini. Nyumba yake, hela yangu imefungwa. Mwishowe nilikubali punguzo kwa sababu nilikuwa nadaiwa kwingine. Watu husema saini mbili zinamlinda kila mtu, kumbe anayesaini mwisho ndiye mwenye nguvu. Na mmoja akifariki hela bado imo, ujue unasubiri mambo ya mirathi.

Bi Masjala
Umeligusa jambo lenyewe, ndugu Upepo. Kinachotofautisha njia hizi ni kitu gani kinafungua hela. Akaunti ya pamoja inafunguliwa na ridhaa ya mtu, na mtu hubadilika. Eskro iliyoandikwa vizuri inafunguliwa na karatasi. Mshika hela akipokea karatasi iliyotajwa kwenye mkataba, analipa, apende mnunuzi asipende.

Kwa hiyo Mtafuta Hati, kwako ningeifungua mara mbili. Kabla ya lolote muuzaji asaini fomu za uhamisho na zikae kwa mshika hela. Benki ya mkopo itoe barua yenye kiasi kamili cha deni, pamoja na riba inayoongezeka kila siku, maana deni la leo si la wiki ijayo. Kisha asilimia 35 yako, au kiasi barua inachosema, iende moja kwa moja benki, isipite mkononi mwa muuzaji. Benki nayo iwe imeandika mapema kwamba ikilipwa itamkabidhi mshika hela, si muuzaji, hati halisi na waraka wa kuondoa rehani. Hiyo 65 iliyobaki ifunguke siku msajili wa hati atakapotoa uthibitisho kwamba jina ni lako na hakuna zuio, na funguo umepokea kwa maandishi.

Hatua ya kwanza ndiyo ya kuogopa, nisikufiche. Hela ikishazima mkopo hairudi kama ilivyokuwa. Likitokea zuio la mahakama kabla ya usajili, 35 yako itakuwa imekwenda na utabaki kumdai muuzaji. Fanya upekuzi wa hati tena asubuhi ya siku hiyo hela inapotoka, usitegemee ule wa mwezi uliopita.

Mtafuta Hati
Asante sana, Bi Masjala. Hapo kwenye benki kumkabidhi mshika hela sikuwa nimefika kabisa. Sasa usajili ukichelewa je? Muuzaji anataka tuweke miezi mitatu, ikipita hela inarudi kwangu.

Kobe Mpole
Hiyo ni nzuri kwako, kubali.

Upepo wa Kusi
Si nzuri kwake wala kwa muuzaji. Ofisi ya msajili ikichelewa wiki moja, mnunuzi anarudishiwa hela huku fomu zikiwa tayari kwa msajili?

Bi Masjala
Tarehe iwepo, lakini mtenganishe sababu. Kama fomu zimeshapokelewa na msajili na kuna risiti, muda usogee wenyewe. Kama muuzaji ndiye hajaleta kitu, hela irudi. Mkigombana kabisa, mshika hela hawi hakimu: atakaa nayo mpaka mpeleke maelekezo yenye saini zenu wote au amri ya mahakama, au aipeleke mahakamani yeye mwenyewe. Hilo hata eskro ya benki hailiondoi.

Mtafuta Hati
Basi nitamwambia muuzaji achague: eskro ya benki tugawane ada, au wakili ambaye si wake wala wangu, kwa masharti hayo hayo. Bado sijajua riba ya hiyo hela ikikaa miezi mitatu ni ya nani.

Upepo wa Kusi
Mimi ningesema ni ya mnunuzi, hela bado yake.

Bi Masjala
Wengine huandika kwamba inamfuata atakayepata hela mwishoni. Andikeni chochote, mradi kiandikwe kabla hujaweka hela.