Naomba ushauri: kulipa deni la VAT la KRA kwa awamu, na ushahidi gani wa hali ngumu unakubalika

Vifaa_Kongowea:
Habari zenu wana jukwaa. Nauza vifaa vya ofisi hapa Mombasa, biashara ni ya jina langu, si kampuni. Mteja mkubwa, taasisi ya umma, alichukua mali Januari hadi Aprili 2025 na hadi leo hajalipa. Ritani za VAT nilipeleka kwa wakati, lakini pesa ya kulipa sikuwa nayo: 120,000 kwa kila mwezi, miezi minne, yaani 480,000. Nataka kuiandikia KRA niombe kulipa 45,000 kwa miezi 12. Barua iambatane na nini? Na riba inasimama nikishakubaliwa?

Mwana_wa_Bandari:
Dada, hiyo ya awamu mbona iko tayari? Ni mara nne kwa mwaka, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Unalipa robo robo tu.

Hesabu_Safi:
Ndugu, hiyo ni kodi ya mapato inayolipwa mapema kwa makadirio ya mwaka. Dada anauliza deni la VAT lililokwisha pita tarehe. Majina yanakaribiana, mambo ni mawili.

Dada Vifaa, njia yako ni kifungu cha 33 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Unaomba kwa maandishi, unaeleza sababu ya msingi, na Kamishna anatakiwa akujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Riba haisimami. Kifungu hicho hicho kinasema utaendelea kudaiwa riba tangu tarehe ya awali ya kulipa.

Tuhesabu kufikia 20 Novemba 2025. VAT ya Januari ilitakiwa 20 Februari, kwa hiyo imechelewa miezi 9. Ya Februari 8, ya Machi 7, ya Aprili 6. Jumla miezi 30. Riba ni 1% kwa mwezi bila kulimbikizana, na 1% ya 120,000 ni 1,200, hivyo riba ni 36,000. Faini ya kuchelewa kulipa ni 5%, yaani 24,000. Deni lako leo ni 540,000.

Naona ndiyo maana umeandika 45,000 mara 12, inatoka 540,000 kamili. Lakini umesahau riba itakayoendelea kuzaliwa ukiwa unalipa. Kwa 45,000 kwa mwezi utaongezewa kama 28,000, na mwezi wa 12 ukidhani umemaliza, leja ya iTax bado itaonyesha deni. Habari njema ni kwamba malipo pungufu hupunguza kodi yenyewe kwanza, kwa hiyo riba inashuka kila unapolipa.

Pwani_Mfanyabiashara:
Mimi najua ukishapeleka ombi tu, benki haiguswi. Peleka upesi upate kinga.

Hesabu_Safi:
Nusu ni kweli. Mpango uliokubaliwa na unaofuatwa, kwa kawaida ofisi ya madeni haina haja ya kukufuata. Ombi lililolala mezani halimzuii Kamishna kuipelekea benki notisi ya kukata pesa kwenye akaunti yako. Kwa hiyo peleka, upate uthibitisho wa kupokelewa, kisha mfuatilie ofisa wa madeni wa kituo chako mpaka upate jibu la maandishi.

Mkaguzi_Mstaafu:
Mwanangu, nikueleze upande wa anayesoma barua. "Biashara ni mbaya" hakimsaidii. Anatafuta vitu viwili: kwa nini hukulipa tarehe ile, na kama kiasi unachoahidi kitatoka kweli.

Cha kwanza unakithibitisha kwa ankara nne za yule mteja, hati za kuagiza, na noti za kupokelea mali zenye muhuri na sahihi yake, pamoja na barua zako za kumdai. Ankara bila muhuri wa kupokelewa ni karatasi uliyoandika mwenyewe. VAT inadaiwa ukishauza, hata kama hujalipwa, na hapo ndipo shida yako ilipozaliwa. Iseme hivyo, kwa sentensi mbili.

Cha pili ni taarifa za benki na za till ya M-Pesa za miezi sita, na juu yake ukurasa mmoja wa mapato na matumizi. Na hapa ndipo watu wanajiumiza: ofisa anajumlisha pesa zilizoingia na kuzilinganisha na mauzo ya ritani zako. Kama benki inaonyesha 900,000 na ritani inasema 600,000, ombi la nafuu linageuka mwaliko wa ukaguzi. Ikiwa tofauti ni mkopo, mchango wa familia au pesa uliyojihamishia kutoka akaunti nyingine, weka alama kwenye mstari ule na uandike pembeni ni nini.

Tupe hesabu yako ya mwezi tuione.

Vifaa_Kongowea:
Asante mzee. Wastani yanaingia 610,000. Mali 395,000, kodi ya duka 35,000, mishahara 80,000, usafiri na umeme 22,000, VAT ya mwezi 26,000.

Mkaguzi_Mstaafu:
Inabaki 52,000. Ukiahidi 45,000, mwezi mmoja mbaya unakuangusha. Na sheria ni kali hapo: ukikosa awamu moja, salio lote linadaiwa papo hapo. Omba 40,000. Kodi yenyewe itakwisha kwa awamu 12, riba ya kipindi hicho ni 31,200, na faini na riba zote zinamalizika awamu ya 15, ambayo ni 11,200 tu. Wanapenda muda mfupi, utasukumwa upunguze, lakini ukurasa wako wa hesabu ndio utakaokutetea. Ile VAT ya 26,000 usiifute ili uonekane una nafasi. Ukilipa deni la zamani na kuacha la mwezi huu, mpango umekufa.

Pwani_Mfanyabiashara:
Si aombe msamaha wa riba na faini kwanza? Kulikuwa na ule wa serikali.

Hesabu_Safi:
Ule ulihusu madeni ya hadi 31 Desemba 2023, na dirisha lilifungwa 30 Juni 2025. Deni la dada ni la 2025.

Salma_wa_Nyali:
Samahani kuingilia. Langu ni PAYE ya wafanyakazi watatu, barua ni hiyo hiyo?

Mkaguzi_Mstaafu:
Kifungu ni hicho hicho, lakini sababu ya "sijalipwa na mteja" ni dhaifu kwako, maana PAYE umeshaikata kwenye mishahara yao. Fungua uzi wako utueleze pesa ilikwenda wapi.

Vifaa_Kongowea:
Nina 60,000 mkononi. Niitoe sasa au nisubiri jibu?

Hesabu_Safi:
Itoe sasa, inakuokolea riba ya 600 kila mwezi na inaonyesha nia. Ukitengeneza namba ya malipo kwenye iTax, chagua VAT na kipindi cha Januari 2025. Ukichagua kipindi kingine, pesa inaweza kukaa huko huku Januari bado inadaiwa.

Mkaguzi_Mstaafu:
Mimi ningeshika nusu. Toa 30,000, na 30,000 iwe akiba ya awamu ya kwanza, maana hujui jibu litaweka tarehe gani.

Vifaa_Kongowea:
Nimewaelewa. La mwisho: kuna zabuni inafungwa mwezi ujao na inataka cheti cha kutodaiwa kodi. Mpango ukikubaliwa nitakipata?

Hesabu_Safi:
Ukiwa na mpango uliokubaliwa unaweza kukiomba. Ambatanisha barua ya kukubaliwa na risiti ya awamu ya kwanza.

Mkaguzi_Mstaafu:
Kuomba, ndiyo. Kukipata kabla zabuni haijafungwa, sikuahidi. Siku 30 za jibu peke yake zinakula mwezi wote. Barua iende kesho.