Tupeane uzoefu: umepiga karata mara mbili kwa mpenzi yuleyule, majibu yakagongana. Ulishika lipi?

Binti Utulivu
Jamani, naanzisha uzi huu nikijua siko peke yangu. Najisomea taroti mwenyewe, huu mwaka wa pili. Nina mtu wangu, amepoa ghafla. Meseji anajibu, lakini kama mtu anayelipa deni.

Jumatano usiku nikachanga karata nikauliza, "Ananionaje?" Nikatandaza tatu: moyo wake, kinachomzuia, kinachokuja. Zikatoka Mbili ya Vikombe, Nne ya Panga na Mpanda Farasi wa Vikombe. Nikalala natabasamu. Jumapili nikauliza, "Kuna mbele hapa?", safari hii kwa mtindo wa jana, leo na kesho. Zikatoka Sita ya Vikombe, Nane ya Vikombe na Mtawa. Yaani aliyekuwa ananiletea kikombe Jumatano, Jumapili kaviacha vyote nane anapanda mlima.

Waliowahi kukutwa na haya, mlishika lipi mkaacha lipi? Nipeni visa vyenu, nadharia ninazo za kutosha.

Nimekoma
Dada, shika la mwisho. Karata za jana zimeshalala, za leo ndizo ziko macho. Mimi hufanya hivyo siku zote na mara nyingi imenikalia sawa.

Mpiga Shupaza
Yalinikuta. Mama mmoja aliniambia mchumba wangu ananitaka kwa dhati, mwingine wiki iliyofuata akaniambia ana mtu pembeni. Nikagundua yule wa pili alinihoji kwanza robo saa kabla ya kugusa karata, na mimi nikamwaga wasiwasi wangu wote. Alinirudishia maneno yangu mwenyewe. Kwa hiyo wasomaji wawili usiwachanganye, chagua mmoja.

Binti Utulivu
Mpiga Shupaza, asante, ila hapa msomaji ni mmoja, mimi mwenyewe. Siku ndizo mbili.

Mpiga Shupaza
Ah, nilisoma haraka. Basi kazi unayo, maana wewe mwenyewe huwezi kujikimbia 😄

Sina Haraka
Binti, mimi nina miaka mingi kidogo na karata hizi, nikuambie ninavyofanya. Kabla ya kusema zinapingana, ziweke zote sita mezani, za Jumatano juu, za Jumapili chini, kisha uandike swali kamili juu ya kila mstari. Andika neno kwa neno kama ulivyouliza, usiandike unavyolikumbuka leo.

Ukifanya hivyo utaona kwanza kwamba hukuuliza kitu kimoja. "Ananionaje" ni swali la moyo wake. "Kuna mbele hapa" ni swali la ninyi wawili na safari yenu. Mtu anaweza kukupenda na njia ikawa haipo, wala hakuna karata iliyosema uongo hapo.

Pili, ziangalie picha, usikimbilie maana ulizokariri. Kama seti yako ni ile iliyochorwa na Pamela Colman Smith, iliyotoka 1909, Nne ya Panga ni mtu amelala juu ya kaburi la jiwe, mikono imekutana kama anayesali. Mtawa ni mzee amesimama peke yake juu ya theluji, ameshika taa, anatazama chini. Wote wawili ni watu waliojitenga. Kwa hiyo Jumatano na Jumapili zimekuambia jambo moja ambalo hukulitaja hata kidogo kwenye maelezo yako: kuna mtu hapa anataka kukaa peke yake.

Tatu, Mpanda Farasi wa Vikombe. Mtazame vizuri. Farasi wake hakimbii, anatembea taratibu, na mbele yake kuna mto. Bado hajavuka. Wewe ulimsoma kama ameshafika mlangoni. Na "kinachokuja" chako hukukipa mwisho: wiki? Mwezi? Mwaka? Jibu lisilo na muda halikosei kamwe, na ndiyo sababu halikusaidii.

Ukiondoa hayo, mgongano unaobaki ni mmoja tu: mleta kikombe wa Jumatano na muacha vikombe wa Jumapili. Nane ya Vikombe ilikaa kwenye "leo", mahali pasipo na mwenyewe. Nani kakuambia anayeondoka ni yeye?

Binti Utulivu
Eh.

Hiyo ya mwisho imeniingia. Ijumaa, katikati ya siku hizo mbili, aliniandikia "niko bize, nitakutafuta". Nikamjibu meseji ndefu sana, ya hasira. Jumapili nilivyokuwa nachanga, nilikuwa najiambia kimoyomoyo nimechoka, naondoka.

Sina Haraka
Basi andika na hilo kwenye daftari. Kati ya karata za kwanza na za pili kuna tukio. Mara nyingi watu wanalinganisha karata na karata, wanasahau kulinganisha siku na siku.

Hesabu Haziongopi
Mimi huwa nasoma tu nyuzi hizi, karata siziamini sana, lakini nachangia kwa upande wangu. Karata ni 78. Ukitoa 3 bila kujali mpangilio, kuna makundi 76,076 tofauti yanayoweza kutoka. Kwa hiyo kutopata zilezile Jumapili si dalili ya chochote. Cha kushangaza kingekuwa zirudi zote tatu.

Upande wa pili, mtu akipata karata moja iliyojirudia hushtuka, "imenifuata!" Ukipiga hesabu, uwezekano wa angalau moja kati ya zile tatu kurudi ni kama mara 1 katika 9. Ukipiga karata kila wiki utaliona hilo mara kadhaa kwa mwaka, hata kama huna mpenzi.

Na mnachangaje? Wengi wanatoa vifungu juu wanaviweka chini mara nne tano, basi. Zilizokuwa jirani zinabaki jirani. Wataalamu wa hesabu waliopima karata za kawaida 52 walipata kwamba ukizigawa mbili na kuziingiliza moja moja, inahitaji mara 7 hivi ndipo zichanganyike vya kutosha. Na hizi ni 78. Kwa hiyo kabla ya kusema karata imekuja na ujumbe, jiulize kama iliwahi kutoka pale juu ilipokuwa.

Nimekoma
Wewe ndugu unatuharibia starehe.

Hesabu Haziongopi
Kidogo tu.

Kimya Kingi
Ngoja niseme la kwangu, maana linahusu. Kuna kipindi nilimuulizia mwanamume mmoja mara 14 ndani ya miezi miwili. Zote niliziandika, tarehe na saa, maana nilidhani najifunza. Siku moja baada ya mambo kuisha nikarudi kulisoma lile daftari kama la mtu mwingine.

Karata ya Mwezi ilitoka mara tatu. Ya kwanza niliandika, "Kuna anachonificha." Ya pili, "Mapenzi mazito, ya ndoto." Ya tatu, "Sioni vizuri, nisubiri." Karata moja, mtu mmoja, maana tatu. Nikatazama saa. Ile ya kunificha ilikuwa saa saba usiku baada ya kumpigia simu asipokee. Ile ya ndoto ilikuwa asubuhi baada ya kuonana naye. Karata hazikugongana hata siku moja, niliyekuwa nagongana ni mimi.

Tangu hapo, kabla ya kufunua naandika mstari mmoja: sasa hivi nataka jibu gani? Wakati mwingine nikishauandika, hamu ya kufunua inaisha palepale.

Mpiga Shupaza
Hii ya Kimya Kingi ni kali. Mimi natumia karata za kawaida, za kopa na shupaza. Kwangu kopa zikija nyingi ni mapenzi, shupaza ni maneno na machozi. Siku ya kwanza nilipata kopa mbili, siku ya pili shupaza mbili, mtu mmoja. Zinapimwaje hizo? Picha hakuna.

Sina Haraka
Hapo unapima kwa swali na nafasi, picha hazikusaidii. Lakini angalia pia kama siku zote mbili ulitumia kanuni moja. Nimeona mtu siku ya kwanza anasoma karata iliyopinduka kama maana iliyogeuka, siku ya pili anaigeuza iwe wima kwa sababu haikumpendeza, halafu analalamika majibu hayafanani. Kanuni iwekwe kabla ya kuchanga, si baada ya kufunua.

Na kwa Nimekoma: la mwisho si lazima liwe la kweli. Kama kati ya siku hizo mbili kuna jambo limetokea, sawa, la pili lina habari mpya na lina uzito wake. Kama hakuna kilichotokea isipokuwa wewe kukosa usingizi, mimi nabaki na la kwanza, la pili nalihesabu kama wasiwasi uliovaa nguo za karata.

Nimekoma
Na ukiwa na wasiwasi siku ya kwanza? Mtu hapigi karata akiwa ametulia, mzee wangu. Wangapi hapa walichanga wakiwa na furaha?

Sina Haraka
Hapo umenibana. Sina jibu zuri. Huwa natazama niliandika nini kabla ya kufunua, na kama sikuandika, zote mbili naziweka kando.

Binti Utulivu
Naona aibu lakini ngoja niseme ukweli wote. Jumapili nilipiga mara mbili. Ya kwanza ilianza na Tatu ya Panga, ule moyo uliochomwa panga tatu na mvua nyuma. Nikairudisha kabla ya kufunua nyingine, nikasema sikuchanga vizuri. Ndipo zikatoka zile nilizowaandikia.

Hesabu Haziongopi
😂 Kumbe siku mbili, karata mara tatu.

Kimya Kingi
Usimcheke, sote tumewahi. Binti, ile iliyorudishwa kwangu nayo imo kwenye hesabu. Hata kama hutaisoma, iandike. Siku uliyorudisha karata umejifunza kitu kuhusu ulichokuwa unakiogopa, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye lile daftari langu.

Sina Haraka
Mimi napingana nawe kidogo. Kuchanga kulikokatizwa mimi sikuhesabu. Lakini na zile zilizofuata zinapungua nguvu, maana zilitolewa na mtu aliyeshakataa jibu. Kwa hiyo Binti, mgongano wako wa mwanzo umebaki na mguu mmoja. Jumatano iko sawa, Jumapili ina doa.

Kimya Kingi
Hapo hatutakubaliana, na ni sawa.

Nimekoma
Swali la kijinga: kwa nini asimuulize tu huyo mwanaume?

Binti Utulivu
Si la kijinga. Nimemuandikia jana, mistari miwili safari hii: "Naona umepoa. Kuna kitu?" Amejibu tuongee Alhamisi uso kwa uso. Hakusema zaidi.

Karata nimezifunga kwenye kitambaa, nikaweka kabatini. Swali la kuuliza nimeshaliandika, lina na muda ndani: "Katika mwezi huu, mimi nahitaji kuona nini kuhusu sisi?" Nitazifungua baada ya kuongea naye, si kabla.

Mpiga Shupaza
Alhamisi ni keshokutwa. Utaweza?

Binti Utulivu
Ufunguo wa kabati nimempa dada yangu.